Seli B zipo, IgM imejaa, IgG haipo: seli T inaingiaje hapo?

Swali: Hujambo daktari. Mimi ni mwanafunzi wa maabara, niko Kisumu kwa mafunzo ya kazini. Wodini tuna mtoto wa kiume wa miezi 14 aliyelazwa na nimonia kwa mara ya tatu. PCR ya virusi vya ukimwi imerudi hasi. IgM yake ni gramu 4.1 kwa lita, IgG ni 0.5, IgA haisomeki kabisa. Seli B tulizihesabu, ziko sawa. Msimamizi wangu anasema tutafute kasoro kwenye seli T. Hapo ndipo ninapokwama: IgG inatengenezwa na seli B, na DNA inayokatwa ni ya seli B. Seli T inahusika vipi?

Jibu: Sijambo. Msimamizi wako yuko sahihi, na namba ulizoleta zinamuunga mkono. Tuanze na kile kinachotokea ndani ya seli B yenyewe, kwa sababu ukishakiona vizuri, nafasi ya seli T itajionyesha.

Kila kingamwili ina kichwa kinachoshika kijidudu na mkia unaoamua kazi yake mwilini. Jeni za mikia zimepangwa kwenye kromosomu 14 kwa mstari mmoja: wa IgM uko mbele kabisa, wa IgD unafuata, kisha IgG3, IgG1, IgA1, IgG2, IgG4, IgE, na mwisho IgA2. Seli B changa hutoa IgM kwa sababu mkia huo ndio ulio karibu na kichwa. Ili itoe IgG1, ni lazima DNA iliyo katikati ikatwe na kuondolewa, kisha kichwa kiungwe na mkia wa IgG1. Fikiria treni ambayo mabehewa ya mbele yamefunguliwa na kuachwa, injini ikarudi nyuma ikashika behewa la nne. Kichwa ni kilekile, kwa hiyo seli haipotezi ujuzi wake wa kumtambua kijidudu. Lakini kilichoondolewa hakirudi. Seli iliyofika IgG1 inaweza baadaye kuendelea hadi IgE, ila haiwezi kurejea IgG3 wala IgM.

Anayeanzisha mkato huo ni kimeng'enya kiitwacho AID, kilichogunduliwa mwaka 1999 katika maabara ya Tasuku Honjo huko Kyoto. Chenyewe hakikati. Kinachofanya ni kugeuza saitosini ya DNA kuwa yurasili. Vimeng'enya vya ukarabati vinaiona yurasili kama kosa, vinaiondoa, na mahali hapo panabaki ufa. Nyufa zikikaribiana kwenye nyuzi zote mbili, DNA inakatika kabisa. Mkato mmoja ukiwa mbele ya mkia wa IgM na mwingine mbele ya mkia wa IgG1, ncha hizo mbili zinaungwa, na kipande cha kati kinajikunja kuwa duara na kupotea.

Sasa kumbuka kwamba seli B iliyotulia haina AID. Jeni yake ipo, lakini imezimwa, na kuna sababu nzito ya kuizima. Wewe uko Nyanza, bila shaka umewaona watoto wenye uvimbe wa taya wa limfoma ya Burkitt. Katika ugonjwa huo jeni ya MYC kutoka kromosomu 8 imehamishwa na kuungwa, mara nyingi, kwenye eneo hilohilo la kingamwili katika kromosomu 14. Kwa aina inayoonekana huku kwetu, mara nyingi mkato unakuwa karibu na jeni za kichwa wala si mbele ya mikia, lakini anayeshukiwa kuuanzisha ni AID yuleyule. Kimeng'enya chenye uwezo wa kuleta madhara ya namna hiyo hakiwezi kuachwa kifanye kazi kila seli B inapogusa kijidudu. Mwili unadai uthibitisho wa pili, na uthibitisho huo unatoka kwa seli T saidizi.

Unapatikana hivi. Seli B inamshika kijidudu, inameza protini zake, inazikatakata na kuonyesha vipande kwenye ngozi yake ya nje. Seli T saidizi inayokitambua kipande hicho inaikaribia na kugusana nayo ana kwa ana. Ikishaamshwa, seli T inatoa nje protini iitwayo CD40L, ambayo inashika CD40 iliyo juu ya seli B. Mshiko huo ndio unaoamsha NF-kB ndani ya seli B, na NF-kB inasaidia kuwasha jeni ya AID. Wakati huohuo seli T inamimina saitokini, na hizi zinaamua mkia upi utachaguliwa. IL-4 inaelekeza kwenye IgE na IgG4, TGF-beta inaelekeza kwenye IgA, IL-21 inasukuma kuelekea IgG1 na IgG3.

Wanafunzi wengi hukariri orodha hiyo ya saitokini bila kuuliza inafanyaje kazi, na hapo ndipo penye utamu. AID inashika DNA ambayo nyuzi zake zimeachana tu. Saitokini inaiamuru seli ianze kuinakili sehemu iliyo mbele ya mkia fulani, nakala ambayo haitengenezi protini yoyote. Faida yake ni kwamba nyuzi za mahali hapo zinaachana wakati zinanakiliwa, na AID inapata pa kushika. Kwa hiyo CD40L inaleta mkataji, saitokini inamfungulia mahali pa kukata. Ukikosa cha kwanza, cha pili hakina msaada mkubwa.

Turudi kwa mtoto wenu. IgG aliyopewa na mama kupitia kondo ilishaisha zamani, kwa sababu nusu yake hupotea kila baada ya wiki 3 hivi. Anachotoa sasa ni chake mwenyewe, na anatoa IgM kwa wingi kwa sababu mkia huo hauhitaji mkato wowote. Picha hiyo inaweza kuletwa na kasoro ya AID ndani ya seli B, au kasoro ya CD40L kwenye seli T. Watafiti walitenganisha mambo haya kwa jaribio moja zuri sana: walichukua seli B za watoto wa namna hii, wakazichokoza moja kwa moja kupitia CD40 na kuongeza IL-4. Seli za watoto wenye kasoro ya CD40L zilibadilika na kutoa IgE bila shida. Mashine yao ya kukata ilikuwa nzima, ila hakuna aliyekuwa ameiwasha. Seli za wenye kasoro ya AID hazikubadilika hata kwa msaada huo. Jeni ya CD40L ilithibitishwa kuwa chanzo mwaka 1993, na iko kwenye kromosomu X, ndiyo maana wagonjwa karibu wote ni wavulana.

Hata kabla ya jaribio lolote, kuna dalili za kuangalia kitandani. CD40L haiongei na seli B peke yake, inaziamsha pia makrofaji na seli zinazoonyesha antijeni. Kwa hiyo mtoto anayeikosa hupata nimonia ya fangasi wa nyumosistisi, ileile inayotufanya tufikirie ukimwi kwanza, na neutrofili zake mara nyingi huwa chache. Matezi na tonsili zake ni ndogo, kwa kuwa bila mshiko huo vituo vya kukomazia seli B havijengeki. Mwenye kasoro ya AID ni kinyume: matezi yanavimba sana, na nyumosistisi si kawaida yake. Muulize daktari wa wodi nimonia hizo zilikuwa za aina gani, na uitazame tena hesabu ya neutrofili. Usiitegemee IgM peke yake. Karibu nusu ya wenye kasoro ya CD40L wana IgM ya kawaida wanapogunduliwa, na wachache wana IgA pia, kwa sababu utumbo una njia nyingine ya kuichochea.

Kipimo chenyewe hufanywa kwa flosaitometa, na makosa yake mengi hutokea kabla damu haijafika kwenye mashine. Seli T iliyotulia haionyeshi CD40L hata kwa mtu mzima wa afya, kwa hiyo ukiipima bila kuiamsha utampa kila mtu ugonjwa. Inaamshwa kwa PMA na ayonomisini kwa saa 4 hivi. Damu ichukuliwe kwenye chupa ya heparini. EDTA inanasa kalsiamu, na bila kalsiamu seli haziamki. Isiwekwe kwenye friji, isafirishwe kwa joto la kawaida na ifike ndani ya siku moja, pamoja na damu ya mtu mwenye afya iliyochukuliwa saa hiyohiyo. Pima pia CD69: isipopanda, seli hazikuamka na jibu la CD40L halina maana. Tena PMA huifanya CD4 izame ndani ya seli, kwa hiyo tafuta seli saidizi kama zile zenye CD3 na zisizo na CD8. Kuna mtego wa mwisho. Mabadiliko mengine ya jeni huacha protini inayoonekana kwenye rangi lakini haiwezi kushika CD40. Jibu likiwa la kawaida huku mtoto anaendelea kuugua, ombeni kipimo cha kushika CD40 au usomaji wa jeni yenyewe.

Ni vyema mlitumia PCR kwa virusi vya ukimwi. Kipimo cha kingamwili kingeweza kuwadanganya, kwa kuwa mtoto huyu hana IgG ya kuonyesha. Na akishaanza kupewa IgG ya kuongezwa, vipimo vyote vya kingamwili vitasoma kingamwili za waliochangia damu, basi chukueni sampuli zote kabla ya dozi ya kwanza.

Msisubiri jibu la flosaitometa ili kumlinda. Septrini ya kinga dhidi ya nyumosistisi inaweza kuanza sasa, kwa uamuzi wa daktari wake. Chanjo hai zisimame kwanza. IgG ya kuongezwa hutolewa kwa mshipa, gramu 0.4 hadi 0.6 kwa kila kilo ya uzito, kila wiki 3 au 4, ingawa inaziba pengo la kingamwili tu na hairudishi mazungumzo ya seli T na makrofaji. Kinachoyarudisha ni upandikizaji wa uboho. Mwambieni mama pia jambo la maji: achemshe maji yote ya mtoto, hata yaliyotiwa dawa. Klorini haiui kriptosporidiamu, na kwa watoto hawa kimelea hicho hupanda kutoka utumbo hadi kwenye mirija ya nyongo na kuharibu ini taratibu kwa miaka.

Kisha muulizeni mama, kwa upole, kama kuna kaka zake au watoto wa kiume wa dada zake waliofariki wakiwa wadogo. Damu yake inaweza kupimwa kwa njia ileile: mwanamke mwenye jeni hiyo huwa na kundi la seli T zenye CD40L na kundi lisilo nayo, na matokeo yake yatawasaidia kujua kama mvulana atakayezaliwa baadaye anahitaji kupimwa mapema.