Niliporudi kwa watazamaji baada ya mwezi wa kimya

Chaneli yangu ya YouTube inafundisha ushonaji. Mwaka jana mama aliugua, nikafunika cherehani na kwenda Muheza kumuuguza. Zikapita siku 33 bila video hata moja. Kilichoniuma zaidi ni kwamba somo la kola ya shati nililiacha nusu, pale pa kupunguza kitambaa kwenye kona kabla ya kuigeuza kola. Watu walishakata vitambaa vyao, wananisubiri.

Siku ya kumi niliandika: "Nipo jamani, narudi hivi karibuni." Nilikosea. Mama mmoja akaniuliza, "Mwanangu, hivi karibuni ndiyo lini?" Sikuwa na jibu. Kama huna tarehe, sema tu kuwa una mgonjwa na utawaambia ukishajua.

Niliporudi sikukimbilia kuomba radhi. Nilichukua daftari nikapiga hesabu. Video yangu ya dakika 12 hunichukua saa 5 kurekodi, 6 kuhariri, na 1 ya picha ya mbele na maelezo. Jumla saa 12. Nilikuwa nimeahidi video tatu kwa wiki, yaani saa 36, na bado nina nguo za wateja. Ratiba ile ilikuwa inanishinda hata kabla mama hajaugua, na niliona ni haki watazamaji waambiwe hivyo, nisimsingizie mgonjwa kila kitu.

Kisha nikatengeneza video nne kwanza, kola ikiwa ya kwanza, ndipo nikaandika. Kwenye simu posti ndefu hukatwa, mtu akaona mistari michache tu mpaka abonyeze kuendelea. Kwa hiyo siku na saa niliziweka juu kabisa:

"Video mpya kila Ijumaa saa 1 usiku, kuanzia Ijumaa hii na sehemu ya pili ya kola. Nilikuwa namuuguza mama, sasa anaendelea vizuri. Video tatu kwa wiki zilinishinda, nitatoa moja iliyokamilika. Mliokwama kwenye kona, poleni, na asanteni kwa kunisubiri."

Habari za hospitali sikuzieleza zaidi ya hapo. Ugonjwa wa mama ni siri yake.

Video zote nne nilizipandisha usiku bando likiwa nafuu, nikachagua Schedule na kuweka tarehe ya kila moja. Hakikisha saa za eneo ni za kwako, na kumbuka saa 1 usiku huandikwa 19:00 au 7:00 PM. Kila Jumapili naongeza moja. Akiba ikibaki mbili, sipokei nguo mpya ya mteja mpaka nirekodi.

Ijumaa ya tatu umeme ulikatika tangu asubuhi. Saa 1 usiku video ikatoka, mimi nikiwa gizani nasoma maoni kwenye simu.