Maharagwe ndani ya mahindi, rutuba haiji

"Niko Nairobi, shamba liko Kangundo. Kila msimu nachanganya mahindi na maharagwe, mbona udongo bado hafifu?"

Maharagwe hujitengenezea kirutubisho cha naitrojeni kidogo tu, na ukiyang'oa na mizizi, kisha mabua ya mahindi yaende kwa ng'ombe, shambani hakibaki kitu. Yakianza kutoa maua, chimbua mche mmoja upasue vifundo vya mizizini. Vyenye wekundu ndani vinatengeneza naitrojeni. Vyeupe havitengenezi, pengine kwa uhaba wa fosforasi. Jaribu mbaazi za muda mrefu: hukua polepole bila kuyasonga mahindi, na majani yake hudondokea hapo hapo. Ukivuna, kata shina, acha mizizi.

"Mimi nina miti ya mikima mpakani, si inatosha?"

Mikima hutoa kuni na matandazo, lakini naitrojeni haitengenezi. Mti wa kaliandra hutengeneza.