Travelled au traveled? Na hiyo habari ya kudabo herufi

"Shikamoo mwalimu. Naandika ripoti ya safari ya kikazi kwa Kiingereza, nimeandika travelled kompyuta ikapiga mstari mwekundu, nikaweka traveled ikanyamaza. Mwenzangu ofisini kasema Waingereza wanadabo, Wamarekani hawadabo, na kwa vile kompyuta imeset Kimarekani basi nipunguze zote. Sentensi yangu sasa inasomeka hivi: We traveled to Kondoa and visitted three villages, one meeting was canceled and the seeds were transfered to Mpwapwa, where the disease is now controled. Niko sawa? – Msomaji, Chamwino."

Marahaba. Traveled na canceled ziko sawa kwa Kimarekani, ila visitted, transfered na controled hazipo kokote, si London si Washington, na kwa hizo mbili za mwisho mwenzako huyo ndiye aliyekuponza.

Hii kauli ya "Waingereza wanadabo, Wamarekani hawadabo" naiona kila wiki kwenye kazi zinazoletwa kwangu kuhaririwa hapa Dodoma, ripoti za miradi, tasnifu, barua za kuomba kazi, na imeshanichosha kwa kweli. Inatoka kwenye zile pidiefu zinazouzwa kwenye magrupu ya Wasapu, ukurasa mmoja una jedwali la UK na US, basi mtu akishalimeza hilo anakata herufi popote anapoziona mbili, ukimuuliza anakwambia nimetumia Kimarekani. Hapana bwana. Mmarekani naye anaandika stopped, planned, referred, occurred, controlled, zote kwa herufi mbili kama Mwingereza.

Kinachoamua ni mkazo. Kitenzi kikiishia na konsonanti moja yenye vokali moja kabla yake, halafu unaongeza mnyambuliko unaoanza na vokali kama -ed au -ing, unaangalia sauti inakazwa wapi. Ikikazwa silabi ya mwisho, unadabo: re-FER ni referred, con-TROL ni controlled, oc-CUR ni occurred. Ikikazwa nyuma zaidi, hudabo: VI-sit ni visited, O-pen ni opened, de-VEL-op ni developed. Neno la silabi moja kama stop halina mahali pengine pa kukaza kwa hiyo linadabo, isipokuwa yale yanayoishia na w, x au y (showed, fixed, played). Na tazama refer inapogeuka kuwa reference, mkazo unahamia mwanzo, REF, na ile r ya pili inapotea. Occurrence inabaki nazo mbili kwa sababu mkazo haujahama.

Sasa hapa sisi tuna tatizo letu wenyewe ambalo hizo pidiefu hazilitaji kabisa. Kiswahili kinakaza silabi ya pili kutoka mwisho, na maneno ya Kiingereza tukiyatamka tunayawekea vokali mwishoni halafu tunayakaza kwa mtindo wetu, visit inakuwa vi-ZI-ti, develop inakuwa de-ve-LO-pu. Ukisikiliza mdomo wako mwenyewe utaona mkazo uko kwenye sit na kwenye lop, basi unadabo, unapata visitted na developped, na umefuata sheria vizuri tu ila kwa sikio la Kiswahili. Transfer ni kinyume chake, tumezoea TRANS-fa ya uhamisho, ambayo ni nomino, na hata Mwingereza nomino anaitamka hivyo hivyo, lakini kitenzi anakaza mwisho, trans-FER, ndiyo maana transferred ina r mbili.

Kwa hiyo usitegemee sikio, fungua kamusi yoyote nzuri, hata ya kwenye simu, uangalie matamshi. Kuna kialama kidogo kimesimama kama koma ya juu, kinawekwa kabla ya silabi inayokazwa. Visit imeandikwa ˈvɪzɪt, kialama kiko mwanzo kabisa, basi usidabo. Refer ni rɪˈfɜː, kialama kiko kabla ya silabi ya mwisho, dabo. Hizo alama nyingine zinazotisha ziache, hazikuhusu kwa kazi hii.

Turudi kwa travel. TRA-vel, mkazo uko mwanzo, kwa sheria hiyo haitakiwi kudabo. Umeona? Mmarekani ndiye aliyefuata sheria, Mwingereza ndiye mwenye upekee, yeye herufi l anaidabo mbele ya -ed, -ing na -er bila kujali mkazo: travelled, cancelled, labelled, modelling, traveller. Noah Webster, yule wa kamusi ya Kimarekani ya 1828, hoja yake ilikuwa hiyohiyo, kwamba silabi isiyokazwa haina sababu ya kudabo, hakuwa anapunguza wino. Upande wa Uingereza kuna maneno machache mengine ya namna hii, worshipped kwa mfano, lakini kwenye ripoti za ofisini karibu kila utakachokutana nacho ni cha l. Na kuna sehemu Mmarekani ndiye mwenye l nyingi: yeye anaandika enroll, fulfill na skillful, Mwingereza enrol, fulfil na skilful. Jedwali la Wasapu limeishia hapo.

Kompyuta yako nayo haijakosea, imeset English (United States). Kwa ripoti ya ofisi za hapa ningekushauri uweke English (United Kingdom), maana ndicho tunachofundishwa shuleni, halafu uandike travelled na cancelled. Hapo hapo unapata kipimo: neno ukiligeuzia lugha zote mbili na mstari mwekundu bado upo, kama transfered, ujue karibu kila mara hiyo si tofauti ya UK na US, ni kosa tu. Chagua moja na ubaki nayo ripoti nzima, usichanganye travelled ukurasa wa kwanza na canceled ukurasa wa nne.

Na wale wanaojiita wahariri wa bei chee, "nakugeuzia kazi yako kuwa Kimarekani dakika kumi", kuweni nao macho jamani. Wanachofanya ni kufungua Find and Replace, wanaandika lled, wanabadilisha kuwa led, wanabonyeza Replace All. Niliwahi kuletewa ripoti ya mradi wa visima iliyopitishwa kwenye mashine hiyo. Travelled ilikuwa imegeuka traveled, sawa, lakini drilled imekuwa driled, installed imekuwa instaled, called imekuwa caled. Hizo angalau zinapigwa mstari mwekundu mtu akiona anarekebisha. Iliyoniumiza kichwa ni filled, kwa sababu ukitoa l moja unapata filed, neno halali kabisa la kuweka nyaraka kwenye faili, kompyuta inalipita kimya, na ripoti nzima ikawa inasema matenki yamewekwa kwenye faili.

Sentensi yako iandike hivi: We travelled to Kondoa and visited three villages. One meeting was cancelled and the seeds were transferred to Mpwapwa, where the disease is now controlled. Mkuu wako aking'ang'ania Kimarekani, utagusa travelled na cancelled tu, moja moja kwa mkono, hizo tatu nyingine usizisogelee.