Jalada la Nyuma, Nyota Nne na Ukurasa wa 50

Zamu ya kuchagua kitabu cha mwezi cha kikundi chenu cha wasomaji ikikufikia, utajikuta umesimama mbele ya kibanda cha vitabu vya mitumba mjini Kisumu au Nakuru, mkononi una riwaya ya kurasa 320, na nyuma yake sifa tupu. Usilipe kwanza.

Maneno hayo ya nyuma si uhakiki. Mchapishaji ndiye aliyeyakusanya, na wanaosifu aghalabu ni waandishi wengine walioombwa. Hawalipwi, kwa kawaida, lakini anayesifu leo kesho atahitaji kusifiwa. Januari 2025 chapa kuu ya kampuni ya Simon & Schuster ya Marekani ilitangaza kwamba haitawadai tena waandishi wake watafute sifa hizo, kwa kuwa zinakula muda na zinampendelea mwenye marafiki kuliko mwenye kipaji. Hata hivyo, zisome, ila kwa jicho la karani. Ukiona alama ya dukuduku katikati ya sifa, kuna maneno yamekatwa hapo, "inasisimua... mwishoni" huenda ilikuwa "inasisimua mwanzoni, inachosha mwishoni". Kisha tazama herufi ndogo chini ya nukuu. Mara nyingi utakuta kilichosifiwa ni kitabu cha awali cha mwandishi huyo, wala si hicho ulichoshika.

Kibandiko cha "kilichouzwa zaidi" nacho kina mipaka yake. Orodha ya New York Times, iliyoanza mwaka 1931, hupima mauzo ya wiki moja, tena kwa taarifa za wauzaji waliochaguliwa. Kitabu kilichonunuliwa kwa kishindo wiki ya uzinduzi kinaingia. Kinachouzwa polepole miaka kumi kinaweza kukosa kabisa. Ununuzi wa nakala nyingi kwa mkupuo ukishukiwa kusukuma kitabu, orodha hukiwekea alama ya †, lakini alama hiyo hutaiona kwenye jalada. Kwenye Amazon, nafasi ya kwanza inaweza kuwa ya kundi dogo sana la vitabu, na hubadilika mara nyingi kwa siku. Hapa kwetu Kenya, kitabu kikiteuliwa kuwa cha lazima shuleni kitauzwa sana hata kama hakuna aliyekipenda. Idadi ya mauzo inakueleza nani alinunua. Nani alimaliza kusoma, haisemi.

Kinachofaa zaidi ni maoni ya wasomaji, mradi usiishie kwenye wastani. Chukua vitabu viwili, kila kimoja kimepigiwa kura 40 na kina wastani wa nyota 4. Cha kwanza kina kura 28 za nyota tano, 2 za nyota nne, 2 za nyota mbili na 8 za nyota moja. Cha pili kina 10 za tano, 20 za nne na 10 za tatu. Wastani ni ule ule, vitabu ni tofauti kabisa. Cha pili kitawaridhisha wengi bila kumwasha mtu moto. Cha kwanza kimewagawa wasomaji, na kazi yako ni kujua kimewagawa kwa nini. Soma yale maoni manane ya nyota moja. Wakilalamika kwamba kilifika kimechanika, yapuuze. Watano wakisema msimuliaji anabadilika kila sura bila kutajwa, hiyo ni habari: kuna kikundi kitakachofurahia kubishana juu yake, na kuna kikundi kitakachokitupa. Maoni ya nyota tatu ndiyo tunayoyaamini kuliko yote, maana mwenye kuyaandika hutaja kilichompendeza na kilichomkera kwa pamoja.

Umekinunua na kinakuchosha? Mkutubi wa Marekani, Nancy Pearl, alipendekeza kipimo rahisi: soma kurasa 50 kisha uamue. Ukizidi miaka 50, toa umri wako kwenye 100. Mama wa miaka 62 anadaiwa kurasa 38 tu. Ukifika hapo, funga kitabu na ujaribu kusema kwa sentensi moja mhusika mkuu anatafuta nini na nini kinamzuia. Ukishindwa, ruka hadi ukurasa wa 180 usome kurasa tano. Pale mwandishi alishapasha moto. Kama bado anaeleza kila jambo mara mbili, hatabadilika.

Kitabu cha maarifa hakihitaji hata hayo. Soma utangulizi, yaliyomo na sura ya mwisho, halafu chagua sura moja unayoihitaji.

Unapoacha, andika kwenye kikaratasi ukurasa uliofikia na sababu, ukiache ndani. "Majina yananichanganya" ni sababu ya kurudi baadaye ukiwa na kalamu na orodha ya wahusika. "Kila mtu humu anaongea kwa sauti moja" ni sababu ya kukirudisha kibandani na kubadilishana kingali kizima.