Jibu kwa msomaji: Hasira ya mtoto mdogo ina mwendo wake

*Swali la wiki: "Mwanangu ana miaka miwili na nusu. Akikataliwa jambo hujigaragaza chini na kupiga mayowe, na mama mkwe anasema nimemdekeza. Je, ni deko, ni ugonjwa, au ni umri tu?"*

Kwa kiasi kikubwa ni umri. Watafiti wawili wa Marekani, Michael Potegal na Richard Davidson, walichapisha mwaka 2003 matokeo ya maelezo ya wazazi waliosimulia hasira za watoto wao hatua kwa hatua, na ikaonekana kwamba takriban watoto tisa kati ya kumi wenye umri wa kati ya miezi 30 na 36 hupandwa na hasira za namna hiyo. Robo tatu ya hasira hizo zilikwisha ndani ya dakika tano, ingawa mzazi anayetazamwa na watu dukani huziona ndefu zaidi.

Jambo lililonisaidia zaidi katika kazi yangu ya kulea watoto wadogo kituoni ni lile walilogundua kuhusu mwendo wa hasira yenyewe. Ndani yake mna ghadhabu na huzuni kwa pamoja. Ghadhabu, ambayo ndiyo mayowe, mateke na kutupa vitu, hufika kileleni mapema kisha hushuka, ilhali huzuni, yaani kulia na kutaka kubebwa, huendelea hadi mwisho. Mtu mzima anayeuliza maswali au kutoa hoja wakati ghadhabu iko juu huwa anaichochea, kwa sababu mtoto wakati huo hana nafasi ya kupokea maneno.

Asubuhi moja mtoto wa miaka miwili na nusu alifikishwa kituoni huku akipiga kelele. Mama yake alikuwa na haraka, akamfungia mkanda wa sendo mlangoni, wakati mtoto alikwisha kuushika ili aufunge mwenyewe. Mtoto akaivua ile sendo, akaitupa na kulala chini. Mama akamrudishia akisema, "Haya, funga basi," lakini mtoto akaitupa tena, jambo lililomfanya mama aamini kwamba anasumbuliwa makusudi. Kwa mama, shabaha ilikuwa sendo ifungwe. Kwa mtoto, shabaha ilikuwa kufunga, na nafasi hiyo ilikwisha kupita. Mlezi aliketi chini karibu naye bila kusema kitu, akaisogeza sendo mbali asiumie kwa bizimu yake. Mayowe yalipogeuka kilio chenye vituo na mikono ikanyooshwa, alimpakata na kumwambia, "Ulitaka kufunga mwenyewe." Kisha akaupitisha mkanda kwenye bizimu na kumwachia mtoto auvute. Tangu hapo mama huanza kuwavisha watoto viatu mapema kidogo, naye mtoto huvuta mkanda wake.

Erik Erikson aliueleza umri huu, kuanzia mwaka mmoja na nusu hivi hadi mitatu, kuwa ni wakati ambapo mtoto hushindana kupata uhuru wa kujiamulia dhidi ya aibu na shaka. Nia hiyo hukua haraka kuliko uwezo: mtoto huelewa maneno mengi kuliko anayoweza kuyatamka, na sehemu ya mbele ya ubongo inayozuia msukumo bado ni changa sana. Kwa hiyo mpe uamuzi pale unapoweza kuukubali, kwa mfano avae sendo au raba, lakini usimuulize kama anataka kwenda kliniki ikiwa ni lazima aende. Jambo ulilokataa libaki limekataliwa. Pipi inayotolewa katikati ya mayowe hufundisha kwamba mayowe yanalipa, na hapo mama mkwe ana hoja kidogo.

Akifika miaka mitatu, maneno huongezeka na ugomvi huhamia mdomoni: atabisha, atajadiliana, atasema "sitaki" kwa sababu anazozibuni papo hapo. Karibu na miaka minne hasira hupungua, ingawa wengi bado huwa nazo.

Mpeleke kwa daktari ikiwa hasira zake kwa kawaida hupita dakika 25, zinarudi mara nyingi siku nzima, anajiumiza au kuumiza wengine kila mara, au hawezi kutulia hata baada ya kubembelezwa kwa muda. Vilevile ikiwa maneno aliyokuwa nayo yanapotea, au haitikii anapoitwa, kwani huenda hasikii vizuri. Wapo pia watoto ambao baada ya kulia huzuia pumzi hadi midomo ikawa ya buluu na kuzimia kwa muda mfupi. Watu wengi hudhani ni degedege, lakini hili huja mara tu baada ya kilio na bila homa. Hata hivyo mara ya kwanza apimwe, na aangaliwe kama ana upungufu wa madini ya chuma, kwani upungufu huo huhusishwa na hali hiyo. Ukienda, andika kabla: hasira au kuzimia kulianza baada ya nini, kulidumu dakika ngapi, na mtoto alirudi vipi katika hali yake.