Barua kwa wanafunzi wangu: kwa nini jumla hubadilika mkibadili mpangilio wa namba

Wanafunzi wangu,

Baada ya zoezi la juzi wengi mlinifuata mkiwa na swali moja. Data ni ile ile, programu karibu zinafanana, lakini jibu la mmoja linatofautiana na la mwenzake kwenye tarakimu za mwisho. Wapo waliodhani wameharibu faili, na wapo waliofuta kazi nzima wakaanza upya. Kabla hamjafuta chochote, jaribuni hii kwenye Python:

```python
>>> 0.1 + 0.2 + 0.3
0.6000000000000001
>>> 0.3 + 0.2 + 0.1
0.6
```

Hakuna kilichoharibika. Kompyuta huhifadhi namba hizi kwa biti, na kila namba ina nafasi ya biti 53 tu za tarakimu, sawa na tarakimu 15 au 16 hivi za kawaida. Sehemu moja ya kumi haiandikiki kikamilifu kwa biti, kama vile theluthi isivyoandikika kikamilifu kwa desimali. Kwa hiyo 0.1 na 0.2 zilizohifadhiwa zimezidi kidogo sana, na 0.3 imepungua kidogo. Ukianza na 0.3 na 0.2, ziada ya moja inafuta upungufu wa nyingine, unapata 0.5 kamili. Ukianza na 0.1 na 0.2, ziada mbili zinajumlishwa na unapata 0.30000000000000004.

Lakini chanzo kikubwa zaidi ni hiki: kompyuta hukadiria jibu baada ya *kila* hatua ya kujumlisha, si mara moja mwishoni. Tuchukue mashine ya kufikirika inayobakiza tarakimu tatu tu. Ipe 100, kisha 0.4 mara tatu. 100 na 0.4 ni 100.4, inakadiria kuwa 100. Inaongeza 0.4 nyingine, inarudi 100. Ya tatu nayo inapotea. Sasa anza na zile ndogo: 0.4 na 0.4 ni 0.8, ukiongeza ya tatu ni 1.2, ukijumlisha na 100 ni 101.2, inakadiriwa kuwa 101. Jibu sahihi ni 101.2. Namba ndogo zikikutana na jumla iliyokwisha kuwa kubwa humezwa moja moja, ila zikikusanyika kwanza zinakuwa na uzito wa kuonekana.

Msidhani hasara huishia kwenye tarakimu ya mwisho tu. Jumlisheni 1 + 1/2 + 1/3 na kuendelea, mkitumia namba za biti 32. Jumla itapanda hadi karibu 15.4037 na kusimama hapo milele, kwa sababu kuanzia sehemu ya 2,097,152 kila kinachoongezwa ni kidogo mno kuisogeza. Thamani ya kweli ya jumla hadi sehemu hiyo ni karibu 15.133. Makosa yamefika kwenye tarakimu ya kwanza baada ya nukta!

Basi namba zote zikiwa chanya, anzeni na ndogo. Zikichanganyika chanya na hasi, kanuni hiyo haiwaokoi. Chukueni 1, 1e16 na -1e16. Mkianza na ndogo, 1 inamezwa na 1e16, kisha zile kubwa zinafutana na mnabaki na 0. Mkifuta kubwa kwanza mnapata 1, ambalo ndilo jibu. Kwa hali kama hii tumieni `math.fsum`, ambayo huweka kumbukumbu ya mabaki yote na kukadiria mara moja tu mwishoni, hivyo mpangilio hauna athari. Jueni pia kwamba tangu Python 3.12, `sum()` yenyewe hurekebisha sehemu kubwa ya makosa haya kwa namba za desimali. Hii peke yake inaweza kumpa mwenye toleo la zamani jibu tofauti na la jirani yake. Na programu ikigawa kazi kwa viini kadhaa vya prosesa, mpangilio unaweza kubadilika kila mnapoiendesha.

Mimi kabla ya kuamini jumla ndefu huijumlisha kutoka mbele, kisha kutoka nyuma, kisha kwa `fsum`. Tarakimu zinazotofautiana siziandiki kwenye ripoti. Zikilingana si uthibitisho kamili, ila zikipishana mapema najua kuna namba kubwa zinazofutana mahali fulani, na huko ndiko ninakoanza kutafuta.

Kwenye majaribio yenu acheni kulinganisha kwa `==`. Andikeni `math.isclose(a, b)`, na jibu linapotarajiwa kuwa sifuri ongezeni `abs_tol`, maana bila hiyo hakuna namba isiyo sifuri itakayohesabika kuwa karibu na sifuri. Hesabu za fedha zifanyeni kwa senti, kwa namba nzima.

Zoezi la juzi nitalisahihisha upya kwa kuruhusu tofauti hizo. Aliyekatwa alama kwa sababu ya tarakimu ya mwisho alete karatasi yake.