SHA-256 yenye chumvi inavunjwaje, na namna ya kuhamia bcrypt bila kumsumbua mtumiaji

Swali: Tuna mfumo wa PHP wenye watumiaji 40,000 hivi. Nywila zimehifadhiwa kwa SHA-256, na kila mtumiaji ana chumvi yake, yaani baiti 16 za nasibu zinazochanganywa na nywila. Mwenzangu anasema hiyo haitoshi, lazima tuhamie bcrypt. Kama chumvi ipo na SHA-256 haijawahi kuvunjwa, tatizo liko wapi? Na tutahamaje bila kuwalazimisha watu wote wabadili nywila?

Jibu: Mwenzako yuko sahihi, ingawa ni kweli pia kwamba SHA-256 haijavunjwa. Aliyeiba jedwali lako la watumiaji hana haja ya kuivunja. Hairudishi nyuma heshi, yaani yale matokeo ya SHA-256, ili apate nywila. Anakisia tu: anachukua neno, analipitisha kwenye SHA-256 pamoja na chumvi aliyoikuta kwenye mstari uleule, halafu analinganisha. Yakilingana, nywila ameipata. Kwa hiyo swali la kujiuliza ni hili: anaweza kukisia mara ngapi kwa sekunde moja?

SHA-256 ilibuniwa ikimbie, kwa sababu kazi yake ni kuhakiki mafaili makubwa na kutumika kwenye saini za kidijitali. Kwa nywila, wepesi huo unamfaa mwizi. Kadi moja ya michoro aina ya RTX 4090 ikiendesha programu ya Hashcat hufanya SHA-256 takribani bilioni 22 kwa sekunde.

Sasa tufanye hesabu kwa jedwali lako. Wavunja nywila huanza na orodha ya nywila zilizokwisha kuvuja, na maarufu kuliko zote ni ile ya RockYou ya mwaka 2009, yenye nywila tofauti zipatazo milioni 14.3. Kama usingekuwa na chumvi, mwizi angepiga heshi za orodha nzima mara moja, kazi isiyofika hata milisekunde moja, kisha angelinganisha na watumiaji wote 40,000 kwa mpigo. Chumvi yako inamnyima njia hiyo ya mkato, maana sasa lazima arudie orodha nzima kwa kila mtumiaji peke yake. Milioni 14.3 mara 40,000 ni makisio bilioni 572. Gawanya kwa bilioni 22: sekunde 26.

Hapo ndipo chumvi inapokomea. Inazuia majedwali yaliyoandaliwa kabla, inazuia kuvunja watu wengi kwa kisio moja, na inaficha kwamba watu wawili wana nywila inayofanana. Haipunguzi kasi ya kukisia nywila ya mtu mmoja hata kidogo, na wala haikuundwa iwe siri. Hata asiyetumia nywila ya kawaida hajaokoka: herufi 8 za nasibu, ndogo na tarakimu, ni michanganyiko trilioni 2.8, na kadi ileile inaimaliza yote kwa dakika 2 na ushei.

bcrypt, iliyotolewa na Niels Provos na David Mazières mwaka 1999, ilitengenezwa iwe nzito kwa makusudi. Ina kipimo cha gharama ambacho ni kipeo cha 2: gharama 12 maana yake ni mizunguko 4,096, na kila ukiongeza 1 kazi inakuwa maradufu. Isitoshe, kila hesabu inahitaji karibu kilobaiti 4 za kumbukumbu ambazo inazisoma na kuziandika ovyoovyo muda wote. Kadi ya michoro ina maelfu ya vichakato vidogo, lakini kumbukumbu ya kasi iliyo karibu na kila kimoja ni haba, kwa hiyo vingi vinabaki vinasubiriana. Kwa gharama 12, kadi ile ya makisio bilioni 22 inaporomoka hadi 1,400 hivi kwa sekunde.

Rudia hesabu. Orodha ya RockYou kwa mtumiaji mmoja sasa inachukua karibu saa 3. Kwa watumiaji 40,000, kila mmoja na chumvi yake, ni kama miaka 13 kwa kadi moja. Zile herufi 8 za nasibu zilizokuwa zinamalizwa kwa dakika 2 zinahitaji miaka 64 kwa mtu mmoja. Angalia kwamba chumvi na uzito vinazidishana: uzito unapandisha bei ya kila kisio, na chumvi inamlazimisha mwizi ailipe upya kwa kila mtu.

Usiichukulie bcrypt kama kinga ya kila kitu, lakini. Mwizi mwenye akili hatapitisha orodha nzima. Atachukua nywila 1,000 zinazotumika zaidi na kuzijaribu kwa wote, na hiyo ni kazi ya saa 8 tu hata kwa gharama 12. Mwenye `123456` atapatikana usiku huohuo. Dawa yake haiko kwenye heshi: kataa nywila hizo wakati wa kujisajili.

Sasa kuhama. Nywila zenyewe huna, una heshi tu, lakini heshi ya zamani unaweza kuifunga ndani ya bcrypt bila kumwuliza mtu yeyote. Unachukua ile SHA-256 iliyomo kwenye jedwali, unaipa bcrypt kana kwamba ndiyo nywila, na unahifadhi matokeo. Siku mtumiaji akiingia, unakokotoa SHA-256 yake kama zamani kisha unaihakiki kwa bcrypt. Na kwa kuwa wakati huo nywila halisi iko mkononi mwako, unaiandika upya kwa bcrypt tupu.

Anza na jedwali. Heshi yako ya sasa ni herufi 64 za heksadesimali, na huenda safu yake ni `CHAR(64)`. bcrypt ina herufi 60, inaenea, lakini ipanue iwe `VARCHAR(255)` sasa hivi. Ukija kuhamia Argon2id, njia nyingine ya heshi nzito za nywila, siku za usoni, heshi yake kwa mipangilio ya kawaida ya PHP ni herufi 97, na MySQL isiyo katika hali kali huikata mkia kimya kimya. Dalili yake ni kwamba mtu anabadili nywila bila tatizo lolote, kisha haingii tena. Ongeza pia safu ya `aina`, na ujaze `sha256` kwa kila mtu.

Hatua ya pili ni kupandisha msimbo wa kuingia unaoelewa aina zote tatu, yaani `sha256` ya zamani, `mseto` ambayo ni SHA-256 iliyofungwa ndani ya bcrypt, na `bcrypt` tupu, kabla ya kugusa heshi hata moja:

```php
$sha = hash('sha256', $u['chumvi'] . $nywila);
if ($u['aina'] === 'sha256') {
    $ok = hash_equals($u['heshi'], $sha);
} elseif ($u['aina'] === 'mseto') {
    $ok = password_verify($sha, $u['heshi']);
} else {
    $ok = password_verify($nywila, $u['heshi']);
}
if ($ok && $u['aina'] !== 'bcrypt') {
    $mpya = password_hash($nywila, PASSWORD_BCRYPT, ['cost' => 12]);
    // hifadhi $mpya; aina = 'bcrypt'; chumvi = NULL
}
```

Chumvi ya zamani inafutwa kwa sababu bcrypt hutengeneza yake ya baiti 16 na kuibeba ndani ya heshi yenyewe. Ukitazama `$2y$12$` ikifuatiwa na herufi 53, zile 22 za mwanzo ndizo chumvi. Usiipe ya kwako.

Msimbo ukishatulia, endesha kazi ya kufunga heshi za zamani. Chukua watumiaji 500 kwa zamu, piga `password_hash` juu ya heshi ya kila mmoja, na uandike hivi:

```sql
UPDATE watumiaji SET heshi = ?, aina = 'mseto'
WHERE id = ? AND aina = 'sha256' AND heshi = ?
```

Masharti yale ya mwisho si mapambo. Mtu akiingia au kubadili nywila kati ya pale uliposoma heshi yake na pale unapoandika, bila masharti hayo utamfunikia heshi mpya kwa ile ya kale. Kwa robo sekunde kila moja, watumiaji 40,000 ni takriban saa 2 na dakika 47. Endesha usiku, kwenye kiini kimoja cha kichakato, ili seva iendelee kuhudumia watu.

Kuna mtego mmoja hapa: hakikisha unachoipa bcrypt ni zile herufi 64 za heksadesimali, wala si baiti 32 ghafi. Matoleo mengi ya bcrypt huhesabu baiti ya sifuri kuwa mwisho wa maandishi. Kati ya heshi ghafi 40,000, kama 156 zitaanza na baiti hiyo, na kwa hao bcrypt itaona nywila tupu: mtu anaweza kuingia kwa neno lolote ambalo SHA-256 yake nayo inaanza na sifuri. Matoleo mapya ya PHP yanakataa baiti hiyo kwa kosa la wazi, ya zamani hayakukataa. Ukomo mwingine wa bcrypt ni baiti 72, kinachozidi hapo hupuuzwa. Herufi 64 zinaenea, na kwa nywila mpya weka ukomo wa baiti 72 kwenye fomu yenyewe.

Kuhusu gharama, 12 si namba takatifu. Pima kwenye seva yako halisi, si kwenye kompyuta yako ya mezani, na uchague inayokupa milisekunde 200 hadi 300. Kwa milisekunde 250, kiini kimoja kinahudumia watu 4 wanaoingia kwa sekunde, hivyo mtu mwenye nia mbaya anaweza kuichosha seva kwa kutuma nywila za uongo mfululizo. Kizuizi cha idadi ya majaribio kiwekwe kabla ya `password_verify`, maana baada yake gharama umeshailipa.

Ukimaliza, tafuta mahali pengine ambapo nywila ileile imeacha alama. Wenye tovuti ya mahusiano ya Ashley Madison walitumia bcrypt yenye gharama 12, na data yao ilipovuja mwaka 2015 zilikuwamo heshi zaidi ya milioni 36. Lakini kwenye msimbo wao kulikuwa na ufunguo mwingine wa kuingilia, uliotengenezwa kwa MD5, heshi nyingine nyepesi, kutokana na jina la mtumiaji na nywila iliyogeuzwa herufi ndogo. Kikundi cha wavunja nywila cha CynoSure Prime hakikupambana na bcrypt. Kilivunja ile MD5, kisha kikatumia bcrypt kuthibitisha tu ni herufi zipi zilikuwa kubwa, na kwa siku kama 10 kikapata nywila zaidi ya milioni 11. Kwako wewe, alama hizo zinaweza kuwa kwenye vidakuzi vya "nikumbuke", kwenye kumbukumbu za makosa za seva, na hasa kwenye nakala rudufu. Nakala ya mwezi uliopita bado ina SHA-256 zote 40,000, na akiipata mtu, zile sekunde 26 ziko palepale. Futa nakala za kabla ya kuhama mara tu muda wake wa lazima wa kuhifadhiwa unapokwisha, na mpaka hapo zisimbe kwa ufunguo usiokaa pamoja nazo.